Ukumbi kwanza, majaribio baadaye: prodyuza wa rock anaamua nini, na lini

*Swali: Mwalimu, bendi yetu ni ya rock, tuko wanne, tunafanyia mazoezi South B. Tuna nyimbo nane tayari na pesa za siku chache tu za kurekodi. Prodyuza mmoja anataka tupige wote pamoja ukumbini. Mwingine anataka kila mtu arekodi peke yake kwenye studio yake ndogo, kwa kliki, yaani ule mlio wa kuhesabu mwendo kwenye hedifoni, halafu nyimbo zijengwe kwenye kompyuta. Kila mmoja anasema mwenzake ataiharibu albamu. Prodyuza anafanya nini hasa, na tumfuate nani?*

Anzeni ukumbini. Dramu, besi na gitaa la mdundo zirekodiwe pamoja, mkiwa mnaonana. Gitaa la pili, sauti ya kuimba na majaribio yote yafuate baadaye katika studio ndogo. Nikisema hivi sitafuti kuwapatanisha hao wawili. Mpangilio huu una sababu, na sababu hiyo ndiyo inayoeleza kazi ya prodyuza.

Katika kurekodi kuna maamuzi yanayoweza kubadilishwa kesho na kuna yasiyobadilika tena. Unaweza kuongeza mwangwi wa kompyuta saa yoyote. Huwezi kumfanya mpiga besi aliyerekodi peke yake Jumanne amsikie mpiga dramu akikokota kidogo kabla ya kiitikio, ili naye akokote. Huwezi pia kuondoa mlio wa chumba kibaya ukishaingia kwenye maiki. Prodyuza ndiye anayejua ni uamuzi gani ufungwe sasa na upi uachwe wazi, na ndiye anayebeba lawama ukifungwa vibaya. Kuchagua maiki, kupanga ratiba, kumwambia mwimbaji apumzike, yote hayo yanatoka hapo.

Nichukue rekodi moja ambayo mambo yote mawili yamo ndani yake: wimbo wa David Bowie uitwao "Heroes". Ulirekodiwa Berlin Magharibi mwaka 1977 katika studio za Hansa, karibu kabisa na Ukuta wa Berlin. Prodyuza alikuwa Tony Visconti, akishirikiana na Bowie mwenyewe. Chumba walichotumia kilikuwa ukumbi wa zamani wa matamasha, mpana na wenye dari ya juu. Watu wanaukumbuka wimbo huu kama kazi ya maabara kwa sababu ya sintesaiza ya Brian Eno na lile gitaa linalolia bila kukatika. Lakini chini ya yote hayo kuna bendi: Dennis Davis kwenye dramu, George Murray kwenye besi na Carlos Alomar kwenye gitaa, wakipiga pamoja kabla maneno ya wimbo hayajaandikwa. Ukizingatia besi na dramu tu, utasikia watu wanaofuatana. Yale mawimbi yaliyowekwa juu hayana mpigo wake yenyewe. Yanaelea kwa sababu chini kuna kitu kilichosimama.

Kisha likaja gitaa la Robert Fripp. Lile si jambo la vifaa vya ajabu. Ukiongeza sauti ya amplifaya na kusimama mbele yake, nyuzi zinatikiswa na spika, spika inapokea mtikisiko huo tena, na noti inaendelea kulia yenyewe. Noti gani italia inategemea, pamoja na mambo mengine, umbali kati ya gitaa na spika. Visconti amesimulia kwamba Fripp alitafuta mahali pa kusimama kwa kila noti, akawa anahama kutoka alama moja hadi nyingine sakafuni. Alipiga mara tatu, na mara zote tatu zikatumika kwa pamoja. Kila moja peke yake ina mashimo. Zikilia pamoja mashimo yanazibwa, na zile tofauti ndogo za noti ndizo zinazofanya gitaa lionekane kupumua. Hayo ni majaribio ya studio, lakini yamefanywa kwa hewa na sakafu ya chumba.

Sehemu inayowahusu zaidi ni sauti ya Bowie. Kufikia hapo utepe ulikuwa umejaa, imebaki traki moja tu, yaani njia moja ya kurekodia sauti. Visconti akaweka maiki tatu mbele ya mwimbaji: moja karibu na mdomo, kama sentimita 23, ya pili kama mita 6, ya tatu kama mita 15, mbali kabisa ukumbini. Maiki ya karibu ilikuwa wazi muda wote. Zile mbili za mbali alizifungia geti, yaani kifaa kinachonyamazisha maiki mpaka sauti ifikie kiwango fulani. Ya pili ilifunguka Bowie alipopandisha sauti. Ya tatu ilifunguka alipopiga kelele hasa. Zote zikaingia katika ile traki moja.

Sikiliza matokeo kwa hedifoni nzuri. Mwanzoni yuko karibu, anaongea na wewe, na ukumbi haupo. Beti zinavyopanda, chumba kinaanza kutokea nyuma yake. Mwishoni anapiga kelele na ukumbi mzima uko wazi. Sauti husafiri takribani mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo inafika kwenye maiki ya mita 6 baada ya milisekunde 17 hivi, na kwenye ile ya mita 15 baada ya milisekunde 44. Sikio halizihesabu namba hizo, lakini linazitafsiri kuwa umbali. Na hakuna mkono uliopandisha mwangwi taratibu kwenye meza ya sauti. Nguvu ya koo lake ndiyo iliyofungua ukumbi, silabi kwa silabi, kwa hiyo hisia na nafasi zinabadilika kwa wakati mmoja kabisa.

Angalia sasa Visconti alivyofunga na alivyopoteza. Kwa kuweka maiki tatu katika traki moja alijinyima nafasi ya kusema baadaye, "hebu tupunguze ukumbi kidogo." Kama geti lingefunguka vibaya na kukata mwisho wa neno, dawa ingekuwa kuimba upya. Aliweza kubahatisha hivyo kwa sababu alimfahamu mwimbaji: alijua atakapoanzia na atakapofikia kwa nguvu. Huo ni uprodyuza. Maiki tatu mtu yeyote anaweza kuazima. Kujua kabla ya wakati kwamba beti ya tano itakuwa na nguvu mara kadhaa kuliko ya kwanza, na kuweka mageti kulingana na hilo, kunahitaji uwe umeketi na mwimbaji na kuusikia wimbo mara nyingi.

Mkitaka kulifanya hili Nairobi, linawezekana katika ukumbi wowote wa shule au kanisa wenye urefu wa mita 15. Rekebisho moja tu ni lazima. Kwenye kompyuta, mageti ya maiki za mbali msiyaache yaamuliwe na kile zinachosikia zenyewe, maana maiki iliyo mita 15 inasikia honi ya matatu vizuri kuliko inavyomsikia mwimbaji. Yafunguliwe na maiki ya karibu. Karibu kila programu ya kurekodi ina uwezo huo: unamwelekeza geti asikilize traki nyingine. Ukiona chumba kinatokea katikati ya kimya, au geti linafunguka kwa sababu ya pikipiki, ujue hatua hiyo imerukwa.

Kuna upande wa pili wa ufundi huu, na huenda yule prodyuza wenu wa ukumbi anautoa huko. Steve Albini, aliyefariki mwaka 2024, alikataa hata kuitwa prodyuza. Alitaka kuandikwa kama mtu aliyerekodi, na alitoza ada ya kazi bila kuchukua asilimia ya mauzo, akiamini kwamba albamu ni mali ya bendi. Februari 1993 alirekodi "In Utero" ya Nirvana katika studio ya Pachyderm huko Minnesota, kwa takribani wiki mbili. Njia yake ilikuwa bendi ipige kama inavyopiga, maiki ziwe nyingi kwenye dramu, nyingine ziwekwe mbali chumbani, na mwimbaji asirudie mpaka uhai uishe.

Wapo wanaofikiri kwamba mtu wa namna hiyo haamui chochote, anafungua maiki tu. Si kweli hata kidogo. Kuchagua chumba ni uamuzi. Kukubali mara ya pili badala ya kutafuta ya ishirini ni uamuzi. Kuacha sauti ya kuimba izame kati ya magitaa ni uamuzi mkubwa kabisa, na ndio ulioleta mvutano: baada ya kazi kwisha, bendi na kampuni ya rekodi waliona sauti na besi havisikiki vya kutosha. Marekebisho yakafanywa wakati wa kuandaa nakala ya mwisho, na nyimbo mbili, "Heart-Shaped Box" na "All Apologies", zikachanganywa upya na Scott Litt. Sikiliza nyimbo hizo mbili karibu na nyingine za albamu hiyo. Sauti imesogea mbele, lakini dramu bado ni zilezile na chumba ni kilekile. Miksi ya pili inaweza kusogeza samani, haiwezi kujenga nyumba nyingine. Kwa hiyo kwenu kitu kikubwa cha kufunga mapema ni chumba na upigaji, na uwiano wa sauti unaweza kusubiri.

Sasa tuje kwenye pingamizi langu kuhusu studio ya chumbani. Sina neno na prodyuza mwenyewe, wala na kompyuta yake. Shida ni umbo la vyumba vyetu. Vyumba vingi vya kulala katika fleti za hapa ni vya mawe, vina sakafu ya vigae, na pande zake zinakaribiana kwa urefu. Chukua chumba cha mita 3 kwa 3. Wimbi la sauti linalotoshea kati ya kuta mbili zilizo umbali huo lina mtikisiko wa karibu 57 kwa sekunde: unagawa 343 kwa mara mbili ya mita 3. Uzi wa A wa gitaa la besi unatikisika mara 55. Kwa hiyo kila mpiga besi anapogusa A ya chini, chumba kinavimba, na anapogusa noti za jirani kinanywea. Na kwa kuwa urefu na upana ni sawa, uvimbe huo umejirudia mara mbili. Ukiongeza dramu, matoazi yanagonga dari iliyo karibu na kichwa na kurudi ndani ya maiki kabla hata hayajaondoka vizuri. Rekodi inatoka ndogo na kali kwa wakati mmoja.

Namna ya kutambua ni rahisi. Mpiga besi apande noti moja moja kutoka E ya chini, kwa nguvu ileile, huku wengine wakisikiliza. Chumba kibaya kitawaonyesha noti mbili au tatu zinazoruka juu ya wenzake. Kisha piga makofi ukiwa katikati. Ukisikia mtetemeko mkavu unaojirudia haraka kama waya uliogongwa, kuta mbili zinarushiana sauti. Povu jembamba la kubandika ukutani linapunguza mtetemeko huo lakini haligusi uvimbe wa besi hata kidogo, na hapo ndipo wengi wanapomaliza pesa. Besi haihitaji chumba: ichomekwe moja kwa moja kwenye mashine, na tatizo hilo linaisha. Magitaa na sauti ya kuimba pia vinavumilia chumba kidogo kikitundikwa mablanketi mazito. Dramu haivumilii. Ndiyo maana nasema ukumbi ni wa dramu kwanza, na wengine mnaenda huko ili muwe pamoja na mpiga dramu.

Mkikodi ukumbi, kodini asubuhi ya siku ya kazi na si Jumamosi, kwa sababu za wazi: harusi, kwaya, na magari. Angalieni paa. Bati bila dari chini yake ni hatari wakati wa mvua za Machi hadi Mei, maana mvua ya dakika kumi inafuta kazi ya saa nzima, na hakuna programu inayoisafisha ikiwa imo ndani ya maiki za chumba. Bebeni pia betri ya akiba ya kompyuta na ya mashine ya kurekodi. Stima ikikatika katikati ya mara bora kuliko zote, mtaikumbuka albamu nzima kwa hilo.

Dramu iwekwe karibu theluthi moja ya urefu wa ukumbi, isiwe katikati kabisa wala kwenye kona. Kwa bendi ya watu wanne napendekeza maiki nne za dramu na mbili za chumba, basi. Glyn Johns, mhandisi wa Kiingereza aliyefanya kazi na Rolling Stones, Who na Led Zeppelin, aliacha mpangilio unaofaa sana kwa bajeti ndogo. Maiki moja inaning'inia juu ya snea, ile dramu ndogo yenye mlio mkali iliyo mbele ya mpigaji, kwa urefu wa zaidi ya mita moja. Ya pili inakaa kando, upande wa dramu kubwa ya sakafuni, ikitazama snea na matoazi kwa chini. Siri yake ni kwamba zote mbili ziwe na umbali sawa kabisa kutoka katikati ya snea. Pimeni kwa kamba: mtu mmoja ashike ncha kwenye snea, mwingine aivute hadi maiki ya kwanza, aweke kidole hapo, kisha aizungushe hadi ya pili. Zikitofautiana hata sentimita kumi, mlio wa snea unafika kwa nyakati mbili, mawimbi yanakatana, na snea inakonda. Maiki ya tatu iwe mbele ya dramu kubwa ya mguu, ya nne karibu na snea.

Kabla hamjarekodi wimbo wowote, fanyeni jaribio hili. Rekodi sekunde ishirini za dramu tupu. Sikiliza maiki ya juu peke yake, kisha ongeza ya mguu, kisha bonyeza kitufe cha kugeuza mawimbi, kinachoandikwa ø kwenye skrini nyingi. Upande wenye besi nzito zaidi ndio sahihi. Rudia kwa kila maiki. Ni dakika kumi za kazi, na ndizo zinazotofautisha dramu yenye kifua na dramu ya kopo. Nimesikia rekodi nyingi za bendi za hapa ambazo watu walilaumu maiki za bei ndogo, kumbe maiki mbili zilikuwa zinafutana.

Maiki mbili za chumba ziwekwe mita nne au tano mbele ya dramu, chini, kwa urefu wa goti. Matoazi yanarusha sauti juu zaidi, na mlio wa ngozi unashika sakafu, kwa hiyo maiki ya chini inapata dramu nyingi na toazi kidogo. Hapo ndipo mpiga dramu anapoingia kwenye uprodyuza. Katika kumbi zetu kosa la kawaida kabisa ni toazi kupigwa kwa nguvu kuliko snea. Zima maiki zote za karibu, usikilize zile mbili za chumba tu. Ukisikia ukungu wa matoazi na snea iko mbali kama ya jirani, usiguse kitu kwenye kompyuta. Mwombe mpiga dramu apunguze mkono wa kulia na aongeze wa kushoto. Prodyuza mzuri atalisema hilo kwa upole kabla ya mara ya kwanza, si baada ya mara ya tisa mtu akiwa amechoka.

Amplifaya ya gitaa isikae ukumbini na dramu. Iwekeni katika ofisi ya pembeni au stoo, mlango ufungwe, waya upite chini, na mpiga gitaa mwenyewe asimame karibu na dramu akiwa na hedifoni. Mkiiacha ukumbini, gitaa litaingia kwenye maiki za chumba, na ukikosea noti moja huwezi kuirekebisha: utaipiga upya kwenye traki yako, lakini mzuka wa ile ya kwanza utabaki ndani ya dramu. Kama mnapenda ule mchanganyiko wa kila kitu hewani, sawa, una utamu wake, lakini basi kubalini kwamba kosa la mmoja ni kurudia kwa wote. Huo ni uamuzi wa kufunga, na prodyuza awaambie wazi siku inapoanza.

Kuhusu kliki, pendekezo langu ni la wimbo kwa wimbo. Wimbo utakaopambwa na sintesaiza zinazojirudia unahitaji kliki, la sivyo majaribio ya baadaye hayatashikana. Wimbo unaopumua kutoka beti taratibu hadi kiitikio kikali unahitaji watu wanaotazamana. Mpe mpiga dramu kliki kwa baa nne za mwanzo, yaani vipimo vinne vya mdundo, ili mwendo uwe sawa na ule wa mazoezi, kisha izimwe.

Sasa studio ndogo. Mkifika huko na dramu, besi na gitaa la mdundo vimekwisha, yule prodyuza wa pili ndiye mtu wenu, na majaribio yake yatakuwa na pa kusimama. George Martin, prodyuza wa Beatles, alizifanya kazi zote mbili na bendi moja, katika majengo yaleyale ya Abbey Road. Tarehe 11 Februari 1963 alirekodi nyimbo kumi za Beatles kwa siku moja, akiuweka wa kupasua koo mwisho kwa sababu alijua sauti ya Lennon haitabaki kitu baada yake. Mwishoni mwa 1966, kwa "Strawberry Fields Forever", Lennon alipenda mwanzo wa toleo moja na mwendelezo wa jingine, na matoleo hayo yalikuwa na kasi tofauti na ufunguo tofauti, noti za toleo moja zikiwa juu kuliko za jingine. Martin na mhandisi Geoff Emerick wakagundua kwamba lile la taratibu ndilo lililokuwa chini kwa ufunguo. Wakaharakisha moja, wakapunguza kasi ya jingine, na vyote viwili, kasi na ufunguo, vikakutana. Kiungo kiko karibu na dakika moja tangu wimbo uanze, na ndicho kinachoipa sauti ya Lennon ule uzito wa ndotoni baada ya hapo.

Napenda mfano huo kwa sababu jaribio lilizaliwa na tatizo la wimbo. Hakuna aliyesema, "tuna mashine, tuitumie." Hiki ndicho kipimo mnachopaswa kumwekea prodyuza wa kompyuta: aseme jaribio linatatua nini. Beti ya pili inachosha? Kiitikio hakipandi? Sauti iko mbali na maneno? Akijibu hivyo, mwacheni ajaribu. Akisema tu kwamba itakuwa kali, mwombeni aeleze kidogo zaidi.

Jaribio moja mnaloweza kulifanya kwa gharama ndogo ni ngazi. Mwaka 1971 Led Zeppelin walitoa "When the Levee Breaks", ambao dramu yake John Bonham aliipigia katika ukumbi wa chini wa nyumba ya Headley Grange, Hampshire, huku Andy Johns akiwa ametundika maiki mbili tu juu kwenye ngazi. Fleti za Nairobi zimejaa ngazi za saruji za orofa tano au sita zenye mwangwi mzuri. Si lazima mpeleke dramu huko na kugombana na majirani. Chukueni snea iliyokwisha kurekodiwa, ichezeni kupitia spika iliyowekwa chini ya ngazi, na mrekodi kwa maiki iliyo orofa mbili juu. Rekodini kiitikio tu. Mkirudi, sogezeni traki hiyo nyuma au mbele kwa milisekunde chache mpaka snea inenepe badala ya kugonga mara mbili. Kisha ifungeni: ichanganyeni na snea ya awali kuwa traki moja na mzizime zile nyingine.

Kufunga huko ni muhimu kuliko ngazi yenyewe. Visconti alilazimishwa na utepe uliojaa. Nyinyi mna traki zisizo na mwisho, na hapo ndipo albamu nyingi za chumbani zinapokwama: nyimbo nane, kila moja ina traki mia, na hakuna aliyeamua. Kubalianeni na prodyuza kwamba kila wimbo ukiisha siku yake, majaribio yaliyokubaliwa yanachapwa kuwa sauti ya kudumu, na yaliyokataliwa yanaondolewa kwenye mradi.

Kwa siku zenu chache ningegawa hivi: siku mbili za ukumbini kwa nyimbo zote nane, asubuhi ya kwanza yote ikiwa ya maiki na kamba, na siku zinazobaki studio ndogo. Kabla ya hapo, wekeni simu moja katikati ya chumba cha mazoezi, mrekodi nyimbo zote, muwapelekee maprodyuza wote wawili. Kisha muulize kila mmoja aseme wimbo upi ni dhaifu, mahali gani hasa, na angebadilisha nini kabla maiki haijawashwa. Atakayetaja beti, baa na sababu ndiye mumpe usukani wa albamu, hata kama ni yule wa studio ya chumbani. Ukumbi mnaweza kuukodi wenyewe, na mwenzake akaja kuwapangia maiki kwa malipo ya siku.